Sembe ilishuka, chumba hakikushuka

Kijiji ninachokisimulia hapa nimekibuni, na tarakimu zake ni za mfano. Nimekiweka juu ya Uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara, mahali fulani kati ya Tandahimba na Newala, kwa sababu huko kuna kila kitu ninachokihitaji kwa hoja yangu: mikorosho mingi, maji ya shida, na mji wa kununulia bidhaa kwa jumla ulio mbali. Kina kaya zipatazo 400, shule ya msingi, zahanati, ghala la AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, na duka moja la maana. Vyumba vya kupanga ni 30, na wanaovipanga ni walimu, muuguzi na makarani wanaokuja msimu wa korosho. Chumba chenye umeme ni shilingi 20,000 kwa mwezi.

Sasa kinakuja kiwanda cha kubangua korosho. Si jambo la ajabu kulifikiria. Sehemu kubwa ya korosho yetu bado inauzwa nje ikiwa ghafi, inakwenda India na Vietnam kubanguliwa huko, na serikali imeshatenga eneo la Maranje, Nanyamba, kwa ajili ya kongani ya viwanda vya zao hili. Wazee wa kusini wanakumbuka pia kwamba si mara ya kwanza. Viwanda vikubwa vya kubangua vilijengwa tangu miaka ya 1970 kwa mikopo ya nje, vingi vikasimama, na baadhi vikaishia kuwa maghala. Kumbukumbu hiyo ina uzito kwenye kodi ya chumba, na nitaieleza.

Kiwanda chetu kinaajiri watu 300. Kati yao 220 ni wabanguaji na wamenyaji, karibu wote wanawake wa hapo kijijini na vijiji jirani. Korosho inapigwa mvuke, inapoa, inabanguliwa moja moja kwa mashine ya kukanyaga kwa mguu, inakaushwa, inamenywa ganda la ndani, kisha inapangwa kwa madaraja. Mafuta ya ganda lake yanaunguza, kwa hiyo mbanguaji hupaka mikono mafuta ya mbarika au majivu kabla ya kukaa kwenye benchi. Analipwa kwa kilo ya korosho iliyobanguliwa. Tuseme kilo ni shilingi 900, naye anatoa kilo 7 kwa siku. Kwa siku 24 za kazi anapata kama 151,000. Waliobaki 80 wametoka nje: fundi wa boila, mafundi umeme, wasimamizi, walinzi wa kampuni, madereva. Hao 80 wanahitaji pa kulala leo, si mwakani.

Vyumba vilivyo wazi siku hiyo ni 6.

Hapo ndipo mazungumzo ya kijijini yanapoanza kuharibika, kwa sababu watu huzikusanya bei zote zilizopanda kwenye kapu moja na kusema "wageni wametupandishia maisha". Kapu hilo lina vitu vya aina tofauti. Kimoja kitashuka chenyewe, kingine kitashuka nusu, kingine hakitashuka kabisa. Anayetaka kujua kipi ni kipi ajiulize swali moja: je, kitu hiki kinaweza kuletwa na lori?

Tuanze na duka. Kabla ya kiwanda, kilo ya sembe ilikuwa 1,600. Miezi miwili baada ya mishahara ya kwanza ikawa 2,000. Sukari na mafuta ya kupima vikafuata. Mwenye duka alikuwa amezoea kuagiza mzigo mdogo kwa wiki, unaopanda na gari la abiria kutoka Mtwara mjini. Mishahara ilipotoka, mzigo wa wiki ukaisha siku ya tatu. Akabaki peke yake na wateja wengi kuliko bidhaa, akapandisha. Mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo. Ukimuuliza, atakwambia kodi ya fremu imepanda.

Kodi ya fremu imepanda kweli, tuseme kwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Lakini sasa anauza mzigo wa shilingi milioni 6 kwa mwezi. Elfu sitini ndani ya milioni sita ni asilimia moja. Kwenye kilo ya sembe ya 1,600, asilimia moja ni shilingi 16. Yeye ameongeza 400. Hata ukimwekea na mshahara wa kijana wa dukani uliopanda, hufiki popote karibu na 400. Kilichobaki ni faida ya kuwa peke yake, na faida ya namna hiyo huwa inanukia mbali. Mwezi wa tano mtu wa Newala anafungua duka la pili, haji na magunia mawili bali na Fuso. La tatu linafuata. Kufikia mwisho wa mwaka sembe ni 1,650, yaani bei ya jumla ya mjini, nauli, na kafaida ka kawaida.

Namna ya kulipima hili ni rahisi na haihitaji mtaalamu. Andika bei ya jumla ya mjini kando ya bei ya dukani kwako, kila mwezi. Pengo kati ya hizo mbili likipanuka, tatizo liko kijijini: ushindani hautoshi au usafiri ni mgumu. Bei zote mbili zikipanda pamoja na pengo likabaki lilelile, kiwanda hakihusiki. Hiyo imetoka huko kwenye mahindi, mafuta ya petroli au dola, na hata kikifungwa kesho sembe haitashuka. Takwimu za mfumuko wa bei zinazotolewa kila mwezi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu hazitakusaidia hapa, kwani hizo ni wastani wa nchi. Benki Kuu inaweza kuwa ndani ya shabaha yake ya asilimia 3 hadi 5 huku kijiji kimoja kikiwa kimeruka asilimia 25 kwa miezi sita. Wote wawili wanakuwa wamesema kweli.

Chumba ni habari nyingine, na ndicho kinachoumiza zaidi. Hakuna lori linaloleta chumba. Msikilize mwalimu alipoitwa na mama mwenye nyumba mwishoni mwa mwezi wa sita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Karibu, kaa hapo. Mwanangu, kuanzia mwezi ujao chumba ni hamsini."

"Hamsini! Mama, mimi si wa kiwandani. Mshahara wangu ni uleule."

"Najua. Nakufahamu miaka yote, hujanisumbua. Lakini jana fundi wa boila kasimama hapo hapo ulipokaa, ana kodi ya miezi sita mkononi. Mimi bati langu linavuja, nimwambie nini?"

Mwalimu akaomba 35,000. Mama akamwambia atafikiria, na wote wawili walijua jibu.

Wengi wangemwita mama huyu mwenye tamaa. Mimi nataka tumtazame kwa hesabu. Ile 20,000 ya zamani haikuwa bei ya chumba kilichojengwa ili kipangishwe. Ilikuwa bei ya chumba kilichobaki. Watoto walikwenda Dar es Salaam, vyumba viwili vya nyuma vikawa vitupu, akampa mwalimu kwa chochote. Kijiji kinaweza kuishi kwa vyumba vilivyobaki kama wapangaji ni 24. Wakifika 100, lazima mtu ajenge kwa makusudi, na hapo bei inaanza kuongozwa na gharama za ujenzi.

Tuseme chumba kimoja cha tofali za saruji, pamoja na bati, umeme na sehemu yake ya choo na tangi la maji, kinagharimu milioni 2.5. Kikipangishwa kwa 20,000, kinaingiza 240,000 kwa mwaka, na fedha inarudi baada ya miaka zaidi ya kumi. Hakuna atakayejenga. Kwa 50,000 inarudi kwa miaka minne na kidogo, na kila mwenye kiwanja ataanza kufyatua tofali. Vyumba vikiongezeka, kodi inalegea mpaka ifike pale ambapo kujenga hakulipi tena. Kwa 35,000 fedha inarudi kwa miaka sita hivi. Kwa hiyo ukiniuliza kodi itatulia wapi, nitakwambia kwenye 35,000 na kitu, si kwenye 20,000. Anayesubiri ile ya zamani irudi atasubiri sana.

Halafu kuna muda. Mwenye kiwanja hajengi mwezi ule ule kodi inapopanda. Fedha yake kubwa hutoka korosho inapouzwa, kati ya Oktoba na Desemba, na papo hapo mvua zinaanza. Akipata fedha Novemba, tofali zake zitakauka vizuri baada ya masika, na chumba kitakuwa na mpangaji katikati ya mwaka unaofuata. Hii ndiyo sababu hasa sembe ilishuka ndani ya mwaka mmoja na chumba kikaendelea kuuma kwa miwili.

Na sasa ile kumbukumbu ya viwanda vilivyosimama. Mjenzi wa kijijini si mjinga. Babu yake aliona mashine zikifunikwa maturubai. Mtwara mjini nako waliona ya kwao kwenye miaka ya gesi: wageni walijaa, kodi zikapaa, watu wakakopa kujenga nyumba za kulala wageni. Oktoba 2015 bomba la gesi kwenda Dar es Salaam likazinduliwa, kazi za ujenzi zikaisha, na wale waliokuja kwa ajili ya ujenzi wakaenda zao. Kwa hiyo anayejenga leo karibu na kiwanda cha korosho anataka fedha yake irudi haraka, kabla ya lolote kutokea. Ndiyo maana anadai miezi sita mbele, na ndiyo maana 35,000 yangu inaweza kuwa 40,000. Sehemu ya kodi hiyo ni malipo ya wasiwasi. Kiwanda kingeweka wazi kwamba kina mkataba wa miaka kadhaa wa kununua korosho, kodi ingeshuka kidogo bila mtu kulazimishwa.

Ile miezi sita mbele, kwa njia, inachagua nani apangishwe. Kwa 50,000, ni shilingi 300,000 mkupuo. Fundi wa boila anapewa na mwajiri wake. Mbanguaji aliyetoka kijiji cha kilomita 20, anayelipwa kwa kilo, hana. Anaishia kulala wanne chumba kimoja, au anapanda bodaboda kila siku na kumwachia dereva sehemu kubwa ya ujira wake.

Aina ya tatu ni vitu vinavyofanywa kwa mikono ya watu wa hapo: kusuka nywele, kufua, kubeba maji, sahani ya mama ntilie, palizi. Hivi vinapanda taratibu na havirudi, kwa sababu bei yake ni siku ya mtu, na siku ya mtu sasa ina thamani ya 6,300 kiwandani. Ndoo ya maji ni mfano mchungu. Uwanda wa Makonde ni mkavu juu, mji hadi mji watu wamezoea kununua maji. Kijana aliyekuwa akivuta maji kwa baiskeli na kuuza ndoo kwa 300 amepata kazi ya kupakia magunia getini. Aliyebaki anauza 500. Wapangaji 80 wanaooga kila jioni nao wanavuta kutoka kwenye mabomba yaleyale. Duka la pili halitibu hili. Linatibiwa na bomba.

Lakini anayeguswa kwa namna ambayo watu hawaioni ni mkulima wa korosho mwenyewe. Mchukulie mama mjane mwenye ekari 4. Kila ekari ina mikorosho kama 28, na kwa matunzo ya kawaida anapata kilo 800 kwa shamba zima. Palizi ya ekari moja ilikuwa 30,000, sasa vijana wanataka 45,000. Hiyo ni nyongeza ya 60,000. Kuokota kulikuwa 100 kwa kilo, sasa ni 200, kwa sababu msimu wa kuokota ndio wakati kiwanda nacho kinapokea mzigo na kutafuta watu. Hiyo ni 80,000 nyingine. Msimu wa kupulizia salfa, Juni hadi Agosti, anahitaji mwenye mashine, na huyo naye amepandisha. Achia salfa pembeni, tayari ana gharama mpya ya 140,000.

Angeweza kuihamisha hiyo 140,000 kwa mnunuzi? Hapana. Mwenye duka anaweza kupandisha, mama mwenye nyumba anaweza, mkulima hawezi. Korosho yake inakwenda AMCOS, inapelekwa ghalani, inanadiwa kwenye mnada wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, na wanunuzi wanatoa bei wakiangalia soko la dunia. Palizi ya kijijini kwetu haimo kwenye hesabu zao. Hata kiwanda cha hapo hapo hakina sababu ya kumlipa zaidi ya bei ya mnada. Kwa hiyo kiwanda kilichojengwa kwa jina la mkulima wa korosho kinaweza, katika miaka ya mwanzo, kumpunguzia mkulima faida. Nimesikia viongozi wakihutubia faida za viwanda mara nyingi, na hili sijasikia likitajwa.

Mwokozi wa mjane huyu ni binti yake, kama yupo. Binti akibangua na kuleta nyumbani hata 50,000 kwa mwezi, miezi mitatu tu imefuta ile nyongeza ya shamba. Hivyo mgawanyiko wa kweli kijijini hauko kati ya wenyeji na wageni. Uko kati ya kaya iliyo na mtu kiwandani au chumba cha kupangisha, na kaya isiyo na kimojawapo. Mbanguaji anayelala kwa mama yake anapata 151,000, chakula na maji vimemwongezea matumizi ya labda 20,000, amebaki na 130,000 ambayo hakuwa nayo. Mwalimu hana nyongeza yoyote, chumba kimemzidishia 30,000 na chakula na maji 20,000: amekatwa 50,000 kila mwezi bila barua ya nidhamu. Yeye na muuguzi wakiomba uhamisho, shule na zahanati vitawapoteza watu kwa sababu ambayo haitaandikwa kwenye fomu yoyote.

Nini kifanyike? Kwenye mkutano wa kijiji mtu lazima atasimama apendekeze bei elekezi ya vyumba. Nchi hii ilikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984, ikafutwa 2005. Hata ingekuwepo, kwa kijiji chetu ingekuwa sumu. Ukiifunga kodi kwenye 20,000, umemwambia mwenye kiwanja asijenge, na fundi wa boila atampa mama ile tofauti chini ya meza. Mwalimu bado atatoka.

Kilicho mikononi mwa kijiji ni ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayoisimamia, na mkutano mkuu ndio wenye kauli. Vikipimwa viwanja 40 kabla kiwanda hakijaweka msingi, watu wakaanza kujenga msimu wa korosho uliotangulia, ile miaka miwili ya maumivu inakuwa mmoja. Kinachotokea kawaida ni kinyume chake: eneo la kiwanda linapimwa, barabara ya kwenda kiwandani inachongwa, na viwanja vya makazi vinakumbukwa wageni wakiwa wameshafika. Wakati huo kila mwenye pori la kando ya barabara ameshalishika au ameshaliuza kwa mtu wa mjini.

La pili ni maji. Mwekezaji anapokuja kuomba ridhaa ya kijiji, kawaida huombwa darasa au madawati. Ningekuwa mjumbe ningeomba tangi na vituo viwili vya kuchotea nje ya uzio, kwa sababu boila yake ya mvuke inahitaji maji kila siku na atakuwa ameyavuta kwa vyovyote.

La tatu ni namna ya kulipa ujira. Watu 300 wakilipwa siku moja, bidhaa dukani zinakwisha siku moja. Wabanguaji wakilipwa kila wiki, kwa makundi, mwenye duka anaagiza mzigo unaotabirika na hana tena ile siku ya kupandishia. Hili halimgharimu mwajiri zaidi ya saa chache za karani.

Jambo moja litaujaribu mpango huu wote. Korosho ghafi hununuliwa miezi michache, na kiwanda hubangua kilichomo ghalani. Kikinunua kidogo mnadani, kufikia Julai ghala ni jeupe na wabanguaji wanaambiwa warudi msimu ujao. Fundi wa boila anaendelea kulipwa, mbanguaji hapana. Kodi ya chumba haijui Julai wala Novemba, inadaiwa vilevile. Kwa hiyo mwekezaji aulizwe mapema, mbele ya mkutano mkuu na kabla ya muhtasari kusainiwa: ghala lake linabeba tani ngapi, na benchi za wabanguaji zitafanya kazi miezi mingapi kwa mwaka? Mwenye kiwanja akilijua jibu hilo, atajua ajenge vyumba vinne au viwili, na mama wa mbanguaji atajua kama palizi ya mwaka huu ailipie kwa ujira wa binti yake au akope AMCOS.